Rezista ya beisi: ipi ya relei, ipi ya taa

Julai, wakati Njombe inaamka na umande mweupe kwenye majani, mama mmoja alinipigia simu kuhusu mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea. Ndani yake kuna Arduino Uno inayosoma joto, transista inayovuta relei ndogo ya buluu ya volti 5, na relei ndiyo inayowasha globu za kupasha mayai. Akaniambia, “Fundi, alfajiri kukiwa na baridi globu zinakataa kuwaka. Jua likipanda zinakubali zenyewe.” Mayai yanataka nyuzi 37.5 usiku na mchana, na mashine ilikuwa inagoma saa ile ile baridi ilipokuwa kali kuliko zote.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani: rezista ya beisi, ile inayokaa kati ya pini ya Arduino na mguu wa transista unaopokea amri. Nilikuwa nimeweka ya kilo-omu 10. Nitaeleza kwa nini haikufaa, nizilinganishe rezista ambazo wengi wetu huwa nazo kwenye kopo, kisha nihamie kwenye taa, kwa sababu rezista inayofaa kwa relei inaweza kuunguza transista ukiipa kazi ya taa.

Kushiba maana yake nini

Transista inayotumika kama swichi ina hali mbili tu tunazozitaka: imefunga kabisa, au imefungua kabisa. Kufungua kabisa ndiko ninakokuita kushiba. Beisi imepewa mkondo mwingi kuliko unaohitajika, kwa hiyo kolekta, mguu ulioshika mzigo, imeshuka karibu kabisa na emita, mguu ulio kwenye ardhi, na volti inayobaki kati yao ni sehemu ndogo ya volti moja. Mkondo unaopita kwenye mzigo sasa unaamuliwa na mzigo wenyewe na betri. Transista haina tena la kusema.

Ikiwa haijashiba, transista ndiyo inayoamua. Mkondo wa mzigo unakuwa mkondo wa beisi mara beta, ile namba inayoandikwa hFE kwenye mita. Na beta haitulii. Inatofautiana kati ya transista mbili zilizotoka kwenye mfuko mmoja, inapungua mkondo ukiwa mkubwa, na inapungua baridi ikiingia.

Kwa hiyo hesabu ya swichi haiitumii beta ya mita. Unajilazimisha kutumia beta ndogo ya kudumu, 10 au 20, hata kama mita inakuonyesha 180. Watengenezaji nao wanafanya hivyo hivyo: ukifungua datashiti ya BC547, volti ya kushiba imepimwa kolekta ikiwa na miliampia 100 na beisi miliampia 5, yaani moja kwa 20. Ya 2N2222A imepimwa kwa miliampia 150 na 15, moja kwa 10. Ahadi ya mtengenezaji inaishia hapo. Ukiipa beisi chini ya kiasi hicho, huenda ikashiba na huenda isishibe.

```
IB = IC / 20
RB = (Vpini - VBE) / IB
```

IB ni mkondo wa beisi, IC ni mkondo wa kolekta, na RB ni rezista ya beisi. VBE, yaani volti kati ya beisi na emita, kwa transista iliyoshiba ichukulie kuwa volti 0.8.

Relei ya volti 5: rezista nne mezani

Koili ya relei ile ya buluu, aina ya SRD-05VDC, ina omu kama 70. Kwa volti 5 inavuta miliampia 71. Datashiti yake inasema inashika ikifikia asilimia 75 ya volti yake, yaani volti 3.75, sawa na miliampia kama 54. Chini ya hapo ulimi wa relei hausogei, au unatetemeka bila kugusa vizuri.

Pini ya Arduino inatoa volti 5. Hivi ndivyo rezista nne zinavyoonekana mbele ya mzigo huu:

| Rezista ya beisi | Mkondo wa beisi | Beta inayohitajika kwa miliampia 71 |
|---|---|---|
| kilo-omu 10 | miliampia 0.42 | 169 |
| kilo-omu 4.7 | miliampia 0.9 | 79 |
| kilo-omu 1 | miliampia 4.2 | 17 |
| omu 470 | miliampia 9 | 8 |

Ukiangalia mstari wa kwanza utaona namna nilivyojidanganya. Mashine za mwanzo nilizitengeneza kwa BC547B. Herufi B maana yake beta ni kati ya 200 na 450 kwa miliampia 2, na hata ikishuka kwa mkondo mkubwa inabaki juu ya 169. Zikafanya kazi, nami nikaamini kilo-omu 10 ndiyo namba sahihi. Mfuko uliofuata ulikuwa wa BC547A. Mita ilinionyesha 180, nikaridhika. Lakini mita hupima hFE kwa mkondo mdogo sana. Kwa herufi A, thamani ya kawaida ni 180 kwenye miliampia 2, na kwenye miliampia 100 imeshaporomoka hadi 120. Relei yangu ya miliampia 71 ilikuwa katikati ya mteremko huo.

Nilipofika Njombe nilipima kabla ya kugusa chochote. Saa kumi na mbili asubuhi, pini ya Arduino ikiwa juu, kati ya kolekta na emita kulikuwa na volti 1.6, na koili ilibakiwa na 3.4. Relei kimya. Mchana, transista ile ile ilikuwa na volti 1.1 na koili 3.9, na relei ikashika. Tofauti ilikuwa nusu volti tu, nayo ililetwa na beta kupanda kidogo kwa joto la mchana. Nilitoa rezista ya kilo-omu 10 nikaweka ya kilo-omu 1. Volti ya kolekta ikashuka hadi 0.13, na asubuhi ya pili ilikuwa 0.13 vile vile. Transista sikuibadilisha, ni BC547A ile ile.

Kilo-omu 4.7 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ya zote, zaidi hata ya 10. Inahitaji beta 79, na karibu kila BC547 utakayoshika itaifikisha. Utaijaribu mezani, itapiga tiki safi, utaifunga kwenye boksi. Hakuna anayekuahidi hiyo 79, hasa ukija kubadilisha transista kwa aina nyingine. 2N2222A, kwa mfano, kwa miliampia 10 imeahidiwa beta 75 tu. Kufanya kazi mezani ni jambo moja, na kushiba kwa uhakika ni jingine.

Omu 470 nayo inafanya kazi, ila haikuongezei kitu. Ukitoka 17 kwenda 8 volti ya kolekta inashuka kidogo mno, na koili haihisi. Unachofanya ni kuichosha pini na betri kwa miliampia 5 za bure. Vilevile transista iliyolishwa kupita kiasi huchelewa kufunga ukiondoa mkondo wa beisi. Kwa relei hilo halina uzito, maana ucheleweshaji wenyewe ni wa maikrosekunde.

Kwa relei hii, basi, mimi nachagua kilo-omu 1. Ningebadilisha pia transista: BC547 mwisho wake ni miliampia 100, na 71 ni karibu mno na ukuta. BC337 au 2N2222A zinabeba mzigo huu bila kuhema, na rezista inabaki ile ile. Angalia tu miguu kabla ya kulehemu, kwa sababu P2N2222A imegeuza kolekta na emita ukiilinganisha na PN2222A, na kwa nje zinafanana kama mapacha.

Usiache vitu viwili. Diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande chanya, la sivyo koili ikizimwa itarusha volti nyingi na kuitoboa transista. Kingine ni rezista ya kilo-omu 10 kutoka beisi kwenda ardhi. Arduino inapowaka, pini zake zinaelea kwa muda, na bila rezista hiyo relei inaweza kugongagonga. Inakula chini ya miliampia 0.1, kwa hiyo hesabu ya juu haibadiliki.

Taa ya volti 12: hapa kosa linaunguza

Mama yule alitaka pia taa ya kumwonya joto likipita nyuzi 39, iwake na kuzima ili aione kutoka jikoni. Nilikuwa na globu ya gari ya volti 12, wati 5, ile ndogo ya pembeni. Kwa vile kilo-omu 1 na 2N2222A zilikuwa zimeshanifurahisha kwenye relei, nikazirudia hivyo hivyo kwa taa. Taa ikawaka kwa unyonge, rangi ya kaa la moto. Niliigusa transista nikaondoa kidole mara moja.

Mita ilisema volti 3 kati ya kolekta na emita, na mkondo miliampia 360. Zidisha: wati 1.1 ndani ya transista ya plastiki ambayo kikomo chake ni wati 0.625. Beta ilikuwa kama 86, nayo ndiyo iliyokuwa inaamua mwanga wa taa.

Tofauti ya relei na taa iko hapa, na ndiyo sababu sipendi ushauri wa “weka kilo-omu 1 tu”. Transista isiyoshiba inapata joto kubwa kabisa pale inapogawana volti nusu kwa nusu na mzigo. Kwa koili ya omu 70 kwenye volti 5, joto hilo halizidi wati 0.09. BC547 inaweza kukaa hivyo mwaka mzima bila kuungua. Utakachoona ni relei iliyogoma, transista ikiwa baridi. Kwa globu ya wati 5 hesabu hiyo hiyo inafika wati 1.25 filamenti ikiwa ya moto, na hapo bado hatujazungumzia filamenti baridi.

Filamenti baridi ina ukinzani kama moja ya kumi ya ule wa moto. Globu yangu ikiwaka ni sawa na omu 29. Nilipoipima ikiwa imezima, mita ilisoma omu 3. Maana yake, sekunde inapoanza, taa inaomba ampia 4 wakati kwenye boksi imeandikwa wati 5, ambazo ni ampia 0.42. Kwa milisekunde kadhaa transista inaombwa mara kumi ya mkondo wa kawaida. Transista iliyohesabiwa kushiba kwa ampia 0.42 haijashiba kabisa kwa ampia 4. Inabeba volti 8 au 9 huku ikipitisha kile inachoweza, na joto la wati kadhaa linamiminika kwenye kipande cha silikoni kisichozidi punje ya chumvi. Tena taa inayopepesa inarudia kipigo hicho kila sekunde.

Je, tupunguze rezista? Kwa moja kwa 10, ampia 0.42 inataka miliampia 42 za beisi. Pini ya Uno inashauriwa isipite miliampia 20, na 40 ndio mwisho wake kabisa. Ukiweka omu 220 utapata miliampia 19, na taa itawaka vizuri ukiiwasha mara moja mezani. Lakini pini inafanya kazi kwenye ukingo wake na 2N2222A inapita kikomo chake cha mkondo kila taa inapowashwa. Hiyo naikataa.

Zinabaki njia mbili ambazo nimezijaribu na ninaziamini, na uchaguzi kati yake unategemea unachokithamini.

Ya kwanza ni TIP120, transista mbili ndani ya ganda moja, ya kwanza ikiilisha beisi ya pili. Beta yake imeahidiwa kufika 1000 kwa ampia 3. Beisi yake inakula kama volti 1.4 badala ya 0.8, kwa hiyo kilo-omu 1 kutoka volti 5 inatoa miliampia 3.6, na hizo kwa beta 1000 zinafika ampia 3.6, karibu kipigo chote cha ampia 4 cha filamenti baridi. Ganda lake linavumilia ampia 5 mfululizo na 8 kwa kitambo. Rezista moja, transista moja, na pini haihisi kitu.

Gharama yake ni kwamba TIP120 haishibi kama transista ya kawaida. Transista ya kwanza ndani yake imeunganishwa kolekta ile ile, hivyo volti ya kutokea haiwezi kushuka chini ya ile inayohitajika kuifungua ya pili. Hata uimiminie mkondo kiasi gani kwenye beisi, itabaki na volti kama 0.8. Ndiyo maana kushusha rezista yake hadi omu 220 ukitarajia volti 0.2 ni kupoteza mkondo bure. Globu yangu inapata volti 11.2 badala ya 12, na mwanga unapungua kama moja ya tano. Joto ni wati 0.34, ganda linakuwa na uvuguvugu tu bila hitisinki. Kwa globu ya breki ya wati 21 hali ni nyingine: ampia 1.75 mara volti karibu 1, na hapo hitisinki ni lazima.

Njia ya pili ni transista mbili tofauti: BC547 inaivuta chini beisi ya TIP32C, ambayo ni PNP, na taa inakaa kati ya kolekta ya TIP32C na ardhi. Mkondo mkubwa wa beisi sasa unatoka kwenye betri badala ya pini. Hesabu inakwenda hivi. Nataka miliampia 42. Kati ya betri na ardhi, emita na beisi ya TIP32C zinachukua volti 0.8 na BC547 iliyoshiba 0.2, zinabaki 11. Volti 11 kwa miliampia 42 ni omu 262, nikachukua ya 270. Mkondo ni miliampia 41. Rezista hii inapata joto la wati 0.45, kwa hiyo ya robo wati itabadilika rangi na kunuka. Weka ya wati 1. BC547 inabeba miliampia 41 hizo, moja kwa 20 ni miliampia 2, na kilo-omu 2.2 kutoka kwenye pini inatoa 1.9. Rezista ya kilo-omu 10 kati ya emita na beisi ya TIP32C inahakikisha inafunga kabisa.

Volti inayobaki kwenye TIP32C taa ikiwaka ilikuwa 0.2 kwenye mita yangu, na globu inang'aa kama imeunganishwa moja kwa moja. Filamenti ikiwa baridi TIP32C nayo haishibi kwa muda mfupi, lakini ganda lake kubwa linameza kipigo hicho bila shida. Njia hii ina sehemu nyingi zaidi na inakula miliampia 43 kila taa inapowaka. Kwenye pikipiki au gari, ambako upande mmoja wa globu umeshafungwa kwenye bodi yenyewe, ndiyo pekee inayoingia kati ya hizi mbili, kwa sababu TIP120 inataka kukaa upande wa ardhi.

Kwenye mashine ya Njombe niliweka TIP120. Taa ya kuonya haihitaji mwanga wote, na nilitaka sehemu chache ambazo fundi mwingine akifungua boksi atazielewa. Ningekuwa na taa ya LED ya volti 12 siku ile ningeiweka hiyo: inavuta sehemu ndogo ya mkondo, haina filamenti ya kuanza baridi, na 2N2222A yenye kilo-omu 1 ingetosha.

Namna ya kujua bila kubahatisha

Washa mzigo, weka mita kwenye volti za DC, pima kati ya kolekta na emita. Chini ya 0.3 imeshiba. Kisha pima beisi na emita. Kolekta ikiwa juu ya beisi, transista haijashiba, haijalishi relei imepiga tiki au taa imewaka. Kipimo hiki hakiifai TIP120, ambayo yenyewe kawaida yake ni 0.7 hadi 1. Ukiiona ina 2 kwa mzigo mdogo kama huu, ndipo ushuku rezista.

Jaribio jingine ninalolifanya siku hizi kabla ya kufunga boksi ni kuongeza rezista ya pili ya thamani ile ile mfululizo na ya beisi, ili mkondo ukatike nusu. Volti ya kolekta ikibaki chini ya 0.3, nafasi ipo. Ikiruka hadi volti nzima, nilikuwa ukingoni bila kujua.

Mwenye ESP32 asinakili namba za Uno. Pini yake ni volti 3.3, na kilo-omu 1 inatoa miliampia 2.5 tu, beta 28 kwa relei ile ya miliampia 71. Omu 470 inatoa miliampia 5.3, beta 13, na hiyo ndiyo ninayoitumia. TIP120 kwa pini hiyo hiyo niliipa omu 470 pia: volti 1.9 zinazobaki zinatoa miliampia 4, na globu ya wati 5 inawaka sawasawa na ile ya Njombe.